Kupiga dawa ya kunguni nyumba nzima Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wapangaji na wenye nyumba za vyumba vingi mjini Malindi, hasa zile za korido moja katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uwani. Nyumba za ghorofa zinafuata utaratibu huohuo, ila pale zinapotofautiana tumesema. Mdudu tunayemzungumzia ni kunguni. Mende, mchwa na panya wana dawa zao na ratiba zao.

## Mambo ya msingi

Chumba changu hakina kunguni. Kwa nini nacho kipigwe dawa?

Kwa sababu kunguni hakai chumba kimoja akatulia. Hana mabawa, lakini hutembea usiku, hupita chini ya mlango, kwenye nyufa za ukuta, kwenye mabomba ya nyaya za stima na juu ya kuta. Dawa nyingi zinazotumika majumbani humkera kabla ya kumuua, na akikerwa huhama. Kikipigwa chumba namba 4 peke yake, wale wasiopata dawa ya kutosha huingia namba 3 na namba 5, na baada ya wiki chache hurudi walikotoka.

Kuna jambo la pili. Kunguni wachache wanaweza kukaa chumbani majuma mengi bila mwenyewe kujua, kwani kuna watu ambao ngozi zao hazivimbi wala kuwasha wakiumwa. Mtu anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hana kunguni, kumbe wamo kwenye chaga za kitanda. Ndiyo maana kila chumba kinakaguliwa, na chumba kisicho na dalili yoyote hupigwa angalau kwenye mipaka yake: kizingiti, nyufa, na pale ukuta unapokutana na sakafu.

Nitajuaje kwamba ni kunguni na si mbu au viroboto?

Usiangalie ngozi, angalia kitanda. Chukua tochi, geuza godoro, kisha kagua mishono yake, pembe za mifumbati na matundu ya misumari. Kunguni huacha vitone vyeusi kama alama ya kalamu ya wino, ambavyo ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji husambaa rangi ya kahawia. Utaona pia maganda mepesi ya rangi ya kahawia hafifu, na mayai meupe ya urefu wa kama milimita moja, yamegandishwa kwenye mbao. Mkubwa aliyekomaa ni bapa, kama mbegu ya tufaha. Viroboto huuma zaidi miguuni na huruka, kunguni haruki.

Watu wanasema “fumigesheni”. Ni gesi au ni dawa ya maji?

Inayotakiwa kwenye nyumba ya wapangaji ni dawa ya maji inayopulizwa kwa pampu kwenye nyufa na vitanda, pamoja na unga wa dawa unaowekwa mahali pasipofaa kuloweshwa. Neno fumigesheni limezoeleka kwa kazi hiyo na hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na gesi yenyewe.

Vile vidonge vya kijivu vya kuhifadhia mahindi, vyenye alumini fosfaidi, visiingie kabisa katika nyumba wanamoishi watu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na hewa ya Malindi ina unyevu mwaka mzima. Gesi hiyo hupenya nyufa, hupita juu ya ukuta na chini ya mlango, ikamfikia jirani aliyelala ambaye hata hakujua kwamba kuna kitu kimewekwa. Haina dawa ya kuiondolea sumu mwilini. Harufu yake hufanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingojee kuinusa. Fundi akifika na vidonge, mwenye nyumba amrudishe alikotoka. Mpangaji akisikia kwamba jirani ameviweka chumbani, wote watoke nje mara moja, waache milango wazi, wala mtu asiingie kuvitoa.

Kwa nini inapigwa mara mbili? Fundi anatafuta pesa tu?

Hapana. Dawa nyingi haziui yai. Kwa joto letu, yai la kunguni huanguliwa kati ya siku 6 na 10 hivi. Kitoto kinachotoka hujibadili ngozi mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara lazima kinywe damu kwanza. Hilo huchukua kama mwezi mmoja, hata penye joto.

Ukipiga mara ya pili siku ya 14, mayai yote yaliyoponea mara ya kwanza yameshaanguliwa, lakini hakuna kitoto kilichofikia umri wa kutaga. Huo ndio mwanya wenyewe. Ukipiga siku ya 5, mayai bado yapo. Ukingoja siku ya 40, wameshakomaa na kutaga upya, na pesa za mara ya kwanza zimepotea. Kwa mfano, nyumba iliyopigwa Jumanne tarehe 3 hurudiwa Jumanne tarehe 17, na ukaguzi wa mwisho ni Jumanne tarehe 31.

Fundi wa kweli anajulikanaje?

Ana leseni ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, inayoandikwa PCPB, na chupa yake ya dawa ina lebo yenye namba ya usajili ya bodi hiyo. Mwombe akuonyeshe chupa kabla hajachanganya, na upige picha lebo yake pande zote. Picha hiyo itahitajika mtu akiugua, na ndiyo pia inayotaja muda wa kukaa nje. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, ikatae.

Nani analipa?

Soma mkataba wa chumba kwanza. Tunachoshauri ni mwenye nyumba alipe kazi ya nyumba nzima, mara zote mbili. Wapangaji wakichangishwa, atakosekana mmoja asiyetoa, chumba chake kitarukwa, na kazi yote itakuwa bure kwa sababu iliyotajwa katika swali la kwanza. Na mpangaji akitozwa faini kwa kusema ana kunguni, mwezi ujao hatasema tena.

## Kujiandaa

Wapangaji wapewe taarifa siku ngapi kabla?

Siku 7. Chini ya hapo watu hawawahi kufua. Taarifa iandikwe, ibandikwe mlango wa mbele na uwani, tena itumwe kwa simu ya kila mpangaji. Itaje tarehe zote mbili, saa ya kutoka, saa ya kurudi, jina la dawa, na mtu atakayebaki na funguo. Keateka apite mlango kwa mlango siku 2 kabla, aulize kuhusu watoto wachanga, wajawazito, wenye pumu, wagonjwa wasioweza kutoka, na wanyama.

Chagua siku ya shule, watoto wengi wawe hawapo asubuhi. Epuka Ijumaa kwa ajili ya sala ya mchana, na mwezi wa Ramadhani ni mgumu kwa sababu jiko linahitajika tangu alasiri.

Nianzie wapi chumbani?

Anzia kitandani, umalizie kabatini, na usitoe kitu chumbani kabla hakijafungwa kwenye mfuko. Watu wengi hukosea hapo: hubeba shuka mkononi kupitia koridoni hadi uwani, na kunguni wanadondoka njiani mbele ya milango ya wenzao.

Chukua mifuko mikubwa ya plastiki isiyotoboka. Vua shuka, foronya na blanketi taratibu bila kukung'uta, tia mfukoni, funga fundo. Kisha nguo zilizotundikwa, mapazia na mikeka. Toa vitu vyote chini ya kitanda. Sogeza kitanda, kabati na makochi yawe mbali na ukuta kama hatua moja, fundi apate kupita nyuma yake. Ondoa picha na kalenda ukutani. Mwisho fagia, na takataka uzifunge kwenye mfuko uzitoe siku hiyohiyo. Anza siku 2 kabla, kwani kazi hii haiwezekani asubuhi ya siku yenyewe.

Sina mashine ya kufulia. Nguo nizifanyeje?

Kinachoua kunguni na mayai yake ni joto, sabuni peke yake haitoshi. Maji ya nyuzi 60 yakikaa na nguo nusu saa yanatosha. Kama huna kipimo, chemsha sufuria kubwa hadi yatokote, changanya lita 2 za maji hayo na lita 1 ya maji ya bomba ndani ya beseni, uzamishe nguo zote, ugeuze kwa mwiko, ufunike. Kabla hayajapoa kiasi cha mkono kuvumilia, ongeza ya moto. Usijaze nguo hadi juu, maana katikati ya rundo hapapati joto.

Khanga na leso mpya hutoa rangi kwenye maji moto. Hizo pamoja na buibui na kanzu, piga pasi ya moto kiasi ambacho kitambaa kinavumilia, ukikaza kwenye mishono, pindo na kola, pande zote mbili. Jua la Malindi husaidia nguo nyepesi zilizotandazwa safu moja ndani ya mfuko mweusi uliofungwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Kwa blanketi nzito au godoro usilitegemee: nje panaungua, ndani kunguni wamehamia upande wa kivuli.

Nguo zikishakauka zitie kwenye mifuko mipya, si ile ya kwanza, uifunge hadi baada ya kupiga dawa.

Godoro nilitupe?

Mara nyingi hapana. Godoro la sponji lisilochanika hupigwa dawa kwenye mishono na kingo tu, likaachwa likauke kabisa, kisha likavishwa kifuniko kizima chenye zipu. Lililochanika, kunguni wakaingia ndani ya sponji, ni heri litoke. Likitolewa, lichanwe kwa kisu na lifungwe kwenye plastiki kabla ya kupita koridoni. Godoro zima likiachwa kando ya barabara litaokotwa, na huenda likarudi nyumba ya jirani kabla ya Magharibi.

Kitanda changu ni cha mshupatu. Kitapigwaje?

Hiki kinahitaji kazi zaidi, kwa sababu kila msuko ni maficho na dawa ya juu juu haifiki katikati. Kitoe uwani siku moja kabla, kikiwa kimefunikwa plastiki. Mimina maji yanayotokota polepole juu ya misuko, kwenye matundu yanayopita kamba na pale matendegu yanapoingia kwenye mifumbati. Birika ni bora kuliko sufuria, maji yanakwenda unapotaka. Geuza, rudia upande wa chini, kisha kianike juani. Kikiwa kimechakaa sana, kata msuko wote uutie kwenye mfuko, fundi apige mbao tupu, halafu usuke upya baada ya mara ya pili.

Samadari na vitanda vya mbao vilegezwe skrubu, chaga zitolewe, viunzi viegemezwe ukutani. Fundi asiyefungua kitanda hajapiga kitanda.

Na neti ya mbu?

Ifungue, ikague mishono na pembe, uiweke kwenye mfuko wake peke yake. Isichemshwe wala isipigwe dawa ya fundi, kwa sababu neti zenye dawa hupoteza nguvu kwenye maji moto. Ifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ponda kwa vidole kunguni au mayai utakayoyaona kwenye mishono, kisha uianike kivulini.

Chakula, maji na jiko?

Chakula kilicho wazi, vyombo, miswaki na dawa za hospitali vitiwe kwenye mifuko au ndoo zenye vifuniko. Friji libaki limefungwa. Jerikeni na mitungi ya maji ya kunywa itoke chumbani au ifunikwe kabisa. Uwani, kisima na tangi vifunikwe kwa turubai, na fundi asisuuze pampu yake karibu na kisima. Moto wote uzimwe, mtungi wa gesi ufungwe, feni zizimwe na nyaya zichomolewe kwenye soketi. Ndani ya soketi hutiwa unga tu, na stima ikiwa imekatwa.

Naweza kutangulia kupuliza dawa ya kopo, au kupaka mafuta ya taa?

Usipulize chochote siku 7 kabla. Dawa ya kopo huwatawanya kutoka kitandani, alipotarajia kuwakuta fundi, wakaingia ukutani na darini. Mafuta ya taa na petroli ni moto unaongoja kiberiti. Zimeshateketea nyumba kwa namna hiyo.

Nipeleke vitu vyangu kwa ndugu hadi kazi iishe?

La. Utampelekea kunguni, kisha atakurudishia. Kila kilichokuwa chumbani kibaki nyumbani, chumbani au uwani. Unatoka na nguo za siku moja zilizopita kwenye maji moto au pasi.

## Muda wa kukaa nje

Tukae nje saa ngapi?

Kwanza lebo: ikitaja muda mrefu kuliko huu, fuata lebo. Kwa dawa nyingi za maji za majumbani, hesabu saa 4 tangu sehemu ya mwisho ya nyumba kumalizika, korido, jiko na vyoo vikiwamo, kisha saa 1 ya madirisha na milango kuwa wazi, na sakafu iwe imekauka kwa kuguswa. Vyote vitatu vitimie.

Chukua nyumba ya vyumba 12 pale Barani, sita kila upande wa korido, mafundi wawili. Kila chumba kilichoandaliwa vizuri huchukua kama dakika 40, na kila fundi ana vyumba 6, kwa hivyo ni saa 4. Wakianza saa mbili asubuhi, wanamaliza vyumba saa sita mchana. Korido, jiko na vyoo vinachukua nusu saa zaidi. Saa 4 za kungoja zinaisha saa kumi na nusu. Keateka anaingia na fundi kufungua madirisha, na saa kumi na moja na nusu wapangaji wanaruhusiwa kuingia, Magharibi ikiwa bado kidogo.

Vyumba viwili visipoandaliwa, mafundi wanapoteza saa nzima kusogeza makabati, na watu wa vyumba vyote 12 wanaingia usiku. Kwa hiyo keateka akague vyumba jioni ya kuamkia siku hiyo.

Chumba changu kilimalizika saa mbili na dakika 40. Kwa nini nisirudi mchana?

Hili ndilo linaloleta ugomvi kuliko yote. Saa 4 zako zinaisha saa saba kasoro dakika 20, na mafundi ndio kwanza wametoka koridoni. Hewa ya nyumba hii ni moja. Katika nyumba nyingi za Kiswahili, hasa za makuti, kuta za vyumba zimeishia chini ya paa, na matone madogo ya dawa yanayoelea hupita juu kutoka chumba hadi chumba. Hata penye dari ya mbao kuna mianya. Isitoshe, ili ufike chumbani lazima ukanyage korido iliyolowa, na nyayo zako zitaipeleka dawa hadi kwenye mkeka anapochezea mtoto.

Kwa hivyo saa ya nyumba ni moja, na inaanza sehemu ya mwisho ya nyumba ikiisha. Kwenye ghorofa ambapo kila nyumba ina mlango wake na dari ya zege, kila sakafu inaweza kuhesabiwa peke yake, mradi ngazi zimekauka.

Mvua ikinyesha je?

Wakati wa masika unyevu huchelewesha kukauka, na madirisha hayafunguki kwa mvua. Ongeza saa 2 kwenye zile 4, na upime kwa karatasi ya choo: ibandike sakafuni kando ya ukuta, ikitoka na unyevu bado. Mvua ikiwa kubwa tangu alfajiri, ni afadhali kuahirisha. Mara ya pili nayo isogee kwa idadi hiyohiyo ya siku.

Watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu?

Saa 24. Walale kwa ndugu usiku huo, warudi kesho yake baada ya chumba kupitishwa hewa tena asubuhi. Mtoto anayetambaa hugusa sakafu kisha hutia vidole mdomoni, basi katikati ya chumba papigwe deki kwa maji ya sabuni kabla hajashushwa. Kuhusu kando za ukuta, tazama swali la deki hapa chini.

Paka, kuku, njiwa na samaki?

Wote watoke kabla ya pampu kufunguliwa. Paka yuko hatarini zaidi, kwani mwili wake haumudu kuivunja permethrini, mojawapo ya dawa zinazotumika sana. Akae nje saa 24, na asirudi kulala kitandani kabla godoro halijakauka. Kuku wafungiwe mbali, wasidonoe wadudu waliokufa. Samaki wa mapambo hufa kwa kiasi kidogo mno: tangi litoke nje, kulifunika tu hakutoshi, maana pampu ya hewa huvuta dawa ndani.

Nina mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani.

Mwambie mwenye nyumba mapema. Fundi hawezi kupiga chumba chenye mtu, wala chumba cha jirani mtu huyo akiwa ndani. Mwenye nyumba atafute chumba katika nyumba nyingine kwa usiku mmoja, mara zote mbili. Haiwezekani kabisa? Basi siku isogezwe. Hatujui njia ya mkato iliyo salama.

## Baada ya kurudi

Nikifika nifanye nini kwanza?

Acha madirisha wazi. Nawa mikono, pangusa meza na mahali pa kutayarishia chakula kwa maji ya sabuni, osha vyombo vilivyokuwa wazi. Hakikisha godoro limekauka, ndipo utandike shuka safi. Kitanda kisiguse ukuta, na shuka wala neti isiguse sakafu. Nguo nyingine ziache kwenye mifuko hadi mara ya pili ipite, utoe unazohitaji tu.

Nilale wapi usiku huo?

Kitandani pako. Kunguni hufuata joto la mwili na pumzi. Ukihamia kochi au chumba kingine, waliobaki watakufuata huko ambako dawa ni chache. Ukilala mahali pako, wanalazimika kupita juu ya dawa ili wakufikie. Wengi hawapendi kulisikia jibu hili, lakini ndilo linalomaliza kazi.

Siku ya tatu bado nawaona wanatembea, tena mchana. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Baadhi ya dawa huua polepole, na kunguni aliyeathirika hutoka mafichoni akiyumba. Kuona wachache, wazito, katika siku 10 za kwanza ni kawaida. Dalili mbaya ni kuona wengi wenye wepesi wao siku ya 12 au 13, au damu mpya kwenye shuka kila asubuhi. Hapo mwambie fundi kabla ya mara ya pili. Kunguni wa sehemu nyingi wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, na kurudia dawa ileile kwa wingi zaidi hakusaidii. Atahitaji dawa ya jamii nyingine.

Naweza kupiga deki?

Katikati ya chumba, ndiyo. Upana wa shubiri mbili kando ya ukuta, na kwenye mbao za kitanda, usiguse kwa maji hadi siku ya 14. Dawa iliyokauka hapo ndiyo inayowangoja watakaoanguliwa. Baada ya mara ya pili, hesabu siku 14 nyingine.

Tutajuaje wamekwisha?

Siku ya mara ya pili, weka kila tendegu ndani ya kopo lenye maji ya sabuni, kina cha vidole viwili, ubadilishe kila baada ya siku 2 mbu wasizaliane. Kopo kavu halitoshi, kwani kunguni wa nchi za joto hupanda kuta laini vizuri. Zikipita siku 14 bila kunguni koponi, bila vitone vipya kwenye shuka na bila mtu kuumwa, chumba hicho kimepita. Chumba kimoja kisipopita, nacho na majirani zake wa pande zote hupigwa tena. Si lazima nyumba nzima.

## Hali zisizo za kawaida

Mpangaji mmoja amekataa, au amesafiri.

Aliyesafiri apigiwe simu, aridhie kwa ujumbe wa maandishi, na chumba kifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiwa mpangaji mwenzake. Anayekataa aulizwe sababu kwanza. Mara nyingi ni aibu, au ni vitu asivyotaka vionekane, na hilo hutatuliwa kwa kumpa mifuko na siku ya ziada. Akiendelea kukataa, mwenye nyumba asivunje mlango. Kizingiti chake na kuta za majirani zipigwe kwa nguvu zaidi, na wote waambiwe kwamba kazi haijakamilika.

Chumba kitupu tangu miezi miwili, nacho kipigwe?

Ndiyo. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Chumba kitupu ni maficho yasiyo na mtu wa kulalamika.

Napika mahamri na viazi karai uwani kwa biashara.

Siku hiyo usipike. Karai, vinu, unga na mafuta vitoke nje ya nyumba au vifungwe kabisa, na meza ioshwe kwa sabuni kabla ya kazi ya kesho. Hasara ya siku 2 za biashara izungumzwe na mwenye nyumba wakati wa notisi, si baadaye.

Mtu amerudi mapema, sasa ana kizunguzungu.

Mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizogusa dawa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Macho yakiwasha, yasafishwe kwa maji safi dakika 15. Asilazimishwe kutapika, asipewe maziwa kama dawa. Akitapika mwenyewe, akitoka mate mengi, akitetemeka au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile picha ya lebo, kwa kuwa matibabu hutegemea dawa iliyotumika.

Nahama kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Mwambie mwenye nyumba unakohamia kama unaridhia, na usiwafiche wenyeji wako wapya. Kitanda kipigwe dawa kikiwa kimefunguliwa, kikauke, kifungwe kwa plastiki na kipakiwe hivyo. Nguo zisafiri kwenye mifuko iliyofungwa baada ya maji moto au pasi. Kisha makopo ya maji ya sabuni yawekwe huko uendako kuanzia usiku wa kwanza, kwa siku 28. Chumba unachokiacha kinapigwa mara ya pili kwa tarehe yake, na mpangaji mpya asiingie kabla ya hapo.